Nilikata bei ya vito ikanirudia: bei za nchi kwa nchi ndani ya gemu

Ukiweka kifurushi cha vito kwa dola 4.99, maduka yote mawili, App Store na Google Play, yanakutafutia bei ya nchi zingine yenyewe. Watu wengi huishia hapo, wanaona kazi imeisha. Shida ni kwamba kinachofanyika pale ni kubadilisha fedha tu, kodi inaongezwa, namba inalainishwa kidogo, basi. Kiwango cha kubadilisha fedha hakijui mtu anabakiwa na nini akishalipa kodi ya nyumba na chakula. Kwa mmoja dola 4.99 ni hela aliyoisahau kwenye mfuko wa suruali, kwa mwingine ni mshahara wa siku nzima, na wote wanaliona dirisha lilelile.

Kwa hiyo nikaacha kiwango cha fedha nikaenda kwenye uwezo wa kununua. Benki ya Dunia ina takwimu za kila nchi zinazoonyesha bei za vitu pale zikoje ukilinganisha na Marekani, yaani Marekani ni 1, na nchi yenye 0.4 maana yake kapu la vitu la dola 10 pale unalipata kama kwa dola 4. Sikuzitumia kama zilivyo kwa kila nchi, utachanganyikiwa bure. Nilizipanga nchi kwenye makundi manne: 1, 0.75, 0.55 na 0.4. Sikushuka chini ya 0.4 hata pale takwimu zilipokuwa chini zaidi, kwa sababu takwimu zile zinahusu nchi nzima na mwenye simu ya kuendesha gemu yangu kwa kawaida ana hali nafuu kidogo kuliko wastani.

Sasa tuchukue kundi la 0.4 maana ndo lilinifundisha. Nilikuwa na vifurushi vitatu: vito 100 kwa 0.99, vito 550 kwa 4.99 na vito 1,200 kwa 9.99. Kidogo nikakishusha hadi 0.39, cha kati hadi 1.99. Kufika kikubwa nikaingiwa na woga, nikasema hapa ndipo kuna hela na hapa ndipo wajanja wa vpn, wanaojifanya wako nchi nyingine wapate bei nafuu, watakapokuja, nikakiacha 5.99. Nilijiona mwerevu sana.

Siku ya tatu tangu bei zianze kutumika mchezaji mmoja akaniandikia, "Bro mbona nikinunua kidogo kidogo napata kwa bei poa kuliko nikinunua kikubwa?" Nikapiga hesabu nikiwa bado kitandani. Kito kimoja kwenye kifurushi kidogo kilikuwa senti 0.39, kwenye kikubwa senti 0.5 hivi. Mtu akinunua kidogo mara 12 anapata vito 1,200 vilevile kwa dola 4.68 badala ya 5.99! Nimekaa na lile jedwali wiki mbili sijaona, kwa sababu nilikuwa naangalia kila kifurushi kikisimama peke yake, wakati mchezaji yeye anaviona vyote vitatu kwenye skrini moja.

Nikashusha kikubwa hadi 3.99, yaani 0.4 ileile kama wenzake, na mteremko ukarudi: senti 0.39, 0.36, 0.33. Tangu hapo kabla sijaweka bei yoyote dukani napitisha jedwali zima kwenye kijiskripti hiki, kila nchi na bei zake tatu kuanzia kifurushi kidogo:

```python
vito = [100, 550, 1200]
for nchi, bei in bei_za_nchi.items():
    kwa_kito = [b / v for b, v in zip(bei, vito)]
    if kwa_kito != sorted(kwa_kito, reverse=True):
        print("Angalia:", nchi, kwa_kito)
```

Kinakamata pia makosa ya kulainisha namba, maana kwenye fedha zenye sifuri nyingi ukisogeza bei "ipendeze" unaweza kuugeuza mteremko bila kujua.

Halafu lile swali ambalo kila mwenye gemu huuliza kwanza: si nitapata hasara? Vito havina gharama ya kutengeneza kimoja zaidi, na makato ya duka ni asilimia, kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Tuseme kwenye wachezaji 10,000 wa kundi hilo, wanunuzi 40 kwa mwezi wanachukua kifurushi cha 4.99, hiyo ni dola 199.60 kabla ya makato. Kwa 1.99 unahitaji wanunuzi 101 ufike palepale. Yaani wanunuzi wawe mara mbili na nusu, si "waongezeke kidogo". Wakifika 70 umepoteza hela japo grafu ya wanunuzi inapanda vizuri na kila mtu ofisini anapiga makofi. Kwa hiyo usiangalie idadi ya wanunuzi, angalia mapato kwa kila mchezaji anayeingia, na wiki ya kwanza itupe, maana watu wanaweka akiba ya vito wakidhani ni ofa itaisha. Mimi nasubiri wiki sita ndo naamua.

Kuhusu wajanja wa vpn, woga wangu ulikuwa umepotea njia. Vpn peke yake haimfikishi mtu mbali. Google Play inafuata nchi ya wasifu wa malipo na kuibadilisha ni mara moja kwa mwaka, App Store nayo inataka njia ya malipo ya nchi husika. Mlango wenyewe ulikuwa ndani ya gemu yangu: nilikuwa naruhusu mchezaji kumtumia mwenzake vito kama zawadi. Hapo mtu mmoja wa kundi la 0.4 anakuwa dalali, ananunua kwa 3.99 anauza nje ya gemu kwa 7, na mnunuzi bado anaona kapata nafuu kuliko 9.99. Dalili yake niliiona kwenye rekodi za seva: akaunti zina siku moja, hazijamaliza hata hatua ya mafunzo, zinanunua kikubwa mara nne mfululizo na vito vyote vinatoka siku hiyohiyo kwenda kwa watu wa kundi la 1. Nilichofanya ni kutenganisha: vito vya kununua havitumiki kama zawadi, vya kushinda ndani ya gemu ruksa. Udalali ulikufa bila kumgusa mchezaji wa kawaida.

Kingine kidogo ila kinaaibisha, usiandike bei kwa mkono popote ndani ya app. Mimi nilikuwa na bango la picha limechorwa "4.99" na chini yake kitufe kinasema bei nyingine kabisa. Soma `displayPrice` kwenye iOS na `getFormattedPrice()` kwenye Android, bango libaki bila namba.

Na fedha zinatembea. Bei uliyoweka kwa mkono inabaki pale ulipoiacha hata sarafu ikianguka nusu, na ndo ilivyokuwa kwa Steam, lile duka la gemu za kompyuta, mpaka Novemba 2023 wakaachana na lira ya Uturuki na peso ya Argentina wakahamia bei za dola za kikanda. Mimi sijafika huko. Kila miezi mitatu nafungua jedwali, nchi ambayo sarafu yake imesogea zaidi ya asilimia 15 naipigia hesabu upya, na ikibidi kupandisha naanza na kifurushi kikubwa, kile kidogo ndo cha mwisho kuguswa.