Opsheni za baineri si nusu kwa nusu

"Bei itapanda au itashuka, basi nafasi yangu si nusu kwa nusu?"

Katika opsheni za baineri unaweka dau mtandaoni kwamba bei ya kitu, kama sarafu au hisa, itapanda au itashuka ndani ya muda mfupi, na kila dau ni mkataba mmoja. Nafasi ya kubashiri sawasawa inaweza kweli kukaribia nusu, lakini malipo hayako nusu kwa nusu, na hapo ndipo fedha zinapopotelea. Tuchukue tovuti inayolipa faida ya asilimia 80: ukiweka shilingi 1,000 na kupatia, unapata faida ya 800, ilhali ukikosea unapoteza 1,000 yote. Katika mikataba 100 ambayo umepatia 50, faida yako ni 40,000 na hasara ni 50,000, kwa hiyo umepungukiwa 10,000 bila mtu yeyote kukudanganya. Ili usipate hasara wala faida, ungehitaji kupatia takriban mara 56 katika kila 100, jambo ambalo ni gumu mno kwa bei ya dakika moja au tano.

Wengine huongeza dau maradufu kila wanapokosea. Ukikosea kwa 1,000, 2,000 na 4,000, kisha ukapatia kwa 8,000, unalipwa faida ya 6,400 dhidi ya hasara ya 7,000. Yaani umeshinda na bado una hasara.

Kwa kawaida tovuti yenyewe ndiyo upande wa pili wa mkataba, hivyo hasara ya mteja ni mapato yake. Uingereza ilipiga marufuku kabisa kuwauzia wateja wa kawaida bidhaa hii mwaka 2019.