Kabla ya Kutuma Mkataba Ukasainiwe: Barua ya Juu, Muhtasari na Tarehe ya Kurudisha

Msimu wa parachichi unapokaribia katika mkoa wa Njombe, dawati letu la sheria hupokea malalamiko ya aina moja kutoka pande mbili. Mnunuzi hudai kwamba mkulima alipelekewa mkataba akakaa nao, na mkulima hudai kwamba aliusaini na kuurudisha, lakini akaambiwa amechelewa. Tukiomba kuona barua ya juu, yaani ile iliyoambatana na mkataba huo, mara nyingi tunakuta hakuna barua yoyote, au kuna karatasi yenye mstari mmoja: "Tafadhali saini na urudishe ndani ya siku 14."

Mstari huo ndio chanzo cha sehemu kubwa ya migogoro, na mfano ufuatao, tulioujenga kutokana na malalamiko ya namna hiyo, utaonyesha sababu. Mnunuzi aliyeko Njombe mjini anaandika barua Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, na kuiweka kwenye bahasha pamoja na nakala mbili za mkataba wa kurasa tisa. Bahasha inapelekwa stendi, inakabidhiwa kondakta wa gari la Lupembe, na kwa kuwa ni masika na barabara ina tope, inafika Jumatatu ya tarehe 10. Inalala dukani siku mbili, na mkulima anaipata Jumatano, tarehe 12. Mnunuzi anahesabu siku 14 tangu tarehe ya barua, hivyo kwake mwisho ni tarehe 17. Mkulima anahesabu tangu alipoishika bahasha mkononi, hivyo kwake mwisho ni tarehe 26. Anairudisha tarehe 21, na kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba mwenzake ni mkaidi.

Mkataba uliotumwa ukasainiwe bado ni pendekezo tu, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza kwamba pendekezo likiwekewa muda wa kukubaliwa, muda huo ukipita bila kukubaliwa, pendekezo linakoma. Pasipowekwa muda, linakoma baada ya muda unaofaa kupita, na muda unaofaa hubishaniwa kulingana na mazingira ya jambo lenyewe. Kwa hiyo tarehe ya kurudisha si pambo la adabu. Ndiyo inayoamua kama kuna kitu cha kusaini au hakuna. Iandikwe kwa siku, tarehe, saa na mahali, na isemwe wazi kama kinachotakiwa ni kutumwa au kufika. Katika mfano wetu ingetosha kuandika: "Nakala zote mbili zilizosainiwa zifike ofisini kwetu Njombe mjini kabla ya saa 10:00 jioni, Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025. Zisipofika kwa muda huo, pendekezo hili litakuwa limekoma." Hesabu ya siku ifanywe na anayetuma, akikumbuka siku za gari na za mvua, wala asimwachie anayepokea.

Hapa ni lazima tuseme jambo tunalolirudia kila mwaka hadi tunachoka. Ule usemi wa mitaani kwamba kunyamaza ni kukubali haumo katika sheria hii. Mnunuzi hawezi kuandika kwamba mkulima asipojibu hadi tarehe fulani atahesabiwa kuwa ameridhia, kisha akadai matunda. Wakulima nao waelewe kwamba mkataba uliorudishwa baada ya tarehe ya mwisho haulazimiki kupokelewa. Kwa kawaida unakuwa pendekezo jipya, na mnunuzi ana hiari ya kulikubali au kulikataa. Hata hivyo, akiupokea kimya kimya kisha akatuma gari kuchukua matunda, itakuwa vigumu kwake kudai baadaye kwamba hakukuwa na makubaliano.

Vivyo hivyo kwa anayekata maneno kwa kalamu. Tuseme mkulima wa mfano wetu alifuta "siku 30" kwenye kifungu cha malipo, akaandika "siku 7" pembeni, kisha akasaini. Yeye anaona amesaini. Kisheria hajakubali, kwa sababu kukubali sharti kuwe kwa ukamilifu na bila masharti. Alichofanya ni kuleta pendekezo lake mwenyewe. Barua ya juu ingemwokoa kwa sentensi moja inayosema kwamba mwenye hoja asiandike juu ya mkataba, bali apige simu au aandike karatasi tofauti kabla ya tarehe iliyotajwa.

Sasa muhtasari. Ukurasa mmoja unatosha, na unatakiwa kujibu yale ambayo mkulima angemuuliza mnunuzi kama wangekaa pamoja barazani: nauza nini na kwa bei gani, nalipwa lini, matunda yanayokataliwa ni ya nani, naruhusiwa kumuuzia mwingine, mkataba unadumu muda gani, na nikitaka kutoka nifanyeje. Kila jibu litaje namba ya kifungu chake ili msomaji aweze kulihakiki. Kosa tunaloliona mara nyingi ni muhtasari unaofupisha hadi ukapotosha. Unasema "malipo ni ndani ya siku 30," ilhali kifungu chenyewe kinasema siku 30 tangu matunda yatakapopimwa na kukubaliwa pakihausi, yaani kwenye jengo la kuchambulia na kufungashia matunda. Mkulima anahesabu tangu gari lilipoondoka shambani, na yale maneno machache yaliyoachwa ndiyo yanayozaa ugomvi.

Wapo wanaoandika chini ya muhtasari kwamba si sehemu ya mkataba, na kwamba pakitokea tofauti mkataba ndio utakaofuatwa. Tunaliunga mkono tamko hilo, lakini lisidhaniwe kuwa ni kinga ya kila kitu. Mtu aliyesaini kwa kupotoshwa anaweza kuomba mkataba utenguliwe. Naye mlalamikaji ajue kwamba ataulizwa kwa nini hakusoma, ikiwa mkataba ulikuwa mikononi mwake na angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa sababu hiyo muhtasari uandikwe na mtu aliyeusoma mkataba wote, si na karani aliyeachiwa kazi jioni.

Kuhusu urudishaji wenyewe, picha ya ukurasa wa mwisho iliyotumwa kwa WhatsApp inatuletea shida kubwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua saini za kielektroniki, lakini picha ya ukurasa wa tisa haithibitishi kurasa nane za mwanzo zilisema nini. Barua imwelekeze anayesaini aweke saini fupi chini ya kila ukurasa, asaini kwa ukamilifu ukurasa wa mwisho, na aandike tarehe kwa mkono wake mwenyewe. Tarehe hiyo isiachwe wazi ili ijazwe ofisini. Kwa hati inayotozwa ushuru wa stempu, kama vile mkataba wa kupangisha ardhi au nyumba, siku 30 za kulipa ushuru huo zinahesabiwa tangu hati iliposainiwa, na hati isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ushuru pamoja na adhabu yake vilipwe.

Nakala mbili zikisharudi ndani ya muda, aliyezituma azisaini naye, aandike kwenye daftari siku na saa alizozipokea, na amrudishie mkulima nakala moja. Anayekabidhiwa bahasha hiyo, hata akiwa kondakta, asaini kwamba ameipokea.

Maelezo haya ni ya jumla. Mwenye mgogoro ambao tayari umeanza alete mkataba, barua na bahasha iliyoubeba.