Je, Wajua? Geti la Reli Lisilofunguka

Treni imeshapita lakini geti bado limefungwa. Kwa nini, na nifanye nini lisipofunguka?

Katika vivuko vingi vya reli vinavyojiendesha vyenyewe, mtambo wa geti hutegemea mkondo mdogo wa umeme unaopitishwa katika vyuma vya reli. Umeme ukifika mwisho wa kipande cha reli bila kukatishwa, mtambo huhesabu kwamba njia ni tupu. Treni inapoingia katika kipande hicho, magurudumu na ekseli zake huunganisha reli mbili, umeme hupita hapo badala ya kufika mwisho, na kukosekana kwake ndiko kunakowasha taa, kupiga kengele na kuteremsha geti. Ndiyo maana reli ikivunjika au waya ukikatika, geti hushuka vilevile: mtambo wenye hitilafu umeundwa uchukulie kwamba treni ipo, hata kama haipo.

Geti lililobaki chini, basi, huweza kumaanisha kwamba treni imesimama katika stesheni ya jirani ilhali bado imo ndani ya kipande hicho, kwamba mtambo umeharibika, au kwamba treni ya pili inakuja. Aliyesimama barabarani hana njia ya kuzitofautisha hali hizo tatu, na kosa la kukisia huwa kubwa zaidi katika ile ya mwisho.

Chukua mfano wa kivuko chenye njia mbili za reli. Treni ya kwanza inaelekea kulia kwa kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde 3 baada ya behewa la mwisho kupita mbele yako, mkia wa treni hiyo uko mita 50 tu kutoka ulipo. Treni ya pili, katika njia nyingine, kwa kawaida hutokea upande uleule wa kulia, ikiwa imefichwa na ya kwanza, na mngurumo wa inayoondoka humeza sauti ya inayokuja. Ikiwa inakwenda kilomita 100 kwa saa, mita hizo 50 huzimaliza kwa chini ya sekunde 2, ilhali mtembea kwa miguu huhitaji sekunde 8 hivi kuvuka upana wa mita 10. Dereva wa treni hawezi kumwokoa, kwa sababu kwa mwendo huo treni huweza kuhitaji kilomita moja au zaidi ili isimame.

Kwa hiyo mtembea kwa miguu husubiri hadi taa zizimike na geti liinuke. Pasipo geti wala taa, hutoa vipokea sauti masikioni, husimama mita 3 hivi kutoka kwenye reli, kwa kuwa mabehewa hutokeza nje ya reli, kisha hutazama pande zote mbili na kusubiri treni iliyopita iende mbali kiasi cha kuiona njia nzima. Mwenye baiskeli au kigari cha mtoto na avuke kwa pembe mraba. Akikata mshazari, gurudumu huingia katika mfereji ulio kando ya chuma na kunasa.

Kwa dereva wa gari, sharti ni moja hata geti likiwa wazi: asiingie mpaka aone nafasi ya kutosha gari lake zima upande wa pili. Gari likikwama juu ya reli, watu washuke mara moja na wakimbie kwa mshazari, wakijitenga na reli huku wakielekea upande treni inakotoka, kwani mabaki ya gari lililogongwa hurushwa mbele ya treni. Ndipo ipigwe namba ya dharura iliyoandikwa kwenye kibao cha kivuko, kama ipo. Aliyefungiwa katikati ya mageti asisite kulisukuma geti kwa gari. Kwa kawaida huvunjika kirahisi.

Kabla ya kutafuta njia nyingine, pima subira yako kwa hesabu. Treni ya mizigo yenye urefu wa mita 1,000, ikienda kilomita 30 kwa saa, humaliza kupita kwa dakika 2, muda mfupi kuliko mizunguko mingi. Ikiwa dakika kadhaa zimepita na hakuna treni inayoonekana, toa taarifa kwa namba ile ya kibao, kisha geuza gari pale tu nyuma pakiwa wazi. Katika ramani, fuata mstari wa reli utafute mahali barabara inapopita juu yake au chini yake. Kivuko kinachofuata ni chaguo dhaifu, kwani treni iliyokuzuia hapa huenda ikakuzuia na huko. Mwenye lori asome kwanza kibao cha kimo kabla ya kuingia chini ya daraja la reli.