Kushusha kloki hakuondoi tatizo la holdi

Swali naulizwa sana na wanaoanza kudizaini saketi za dijitali: ripoti imesema holdi imefeli, yaani data haitulii vya kutosha baada ya ukingo wa kloki, si nishushe tu kloki iende polepole? Hapana, haisaidii hata kidogo.

Chukua flipflopu mbili, A na B, Q ya A imeingia moja kwa moja kwenye D ya B, katikati hakuna loji yoyote. Kloki ni moja, ila njia ya kwenda B imepitia bafa nyingi zaidi, kwa hiyo ukingo ukifika A kwenye pikosekunde 0, B unaifikia pikosekunde 90 baadaye. Hiyo ndo skyu.

Sasa A ikishapigwa inatoa data mpya baada ya pikosekunde 60, waya unakula 10, jumla 70. Yaani data mpya imeshafika kwa B wakati ukingo wenyewe bado uko njiani! B ilitakiwa ichukue data ya zamani, na holdi yake inataka ile ya zamani itulie pikosekunde 20 baada ya ukingo, maana yake mpaka 110. Imeondoka kwenye 70, tumepungukiwa 40. B inameza data mpya au inabaki inayumba haijui ni 0 au 1. Kwenye rejista ya kusukuma biti yenye hatua 8, biti inaweza kutokea upande wa pili baada ya mapigo 7 tu, kama vile hatua moja imerukwa.

```
holdi:   t_cq + t_data >= t_hold + t_skew
setapu:  T + t_skew >= t_cq + t_data + t_setup
```

Hapo t_cq ni zile 60 za A, t_data ni zile 10 za waya, na T ni muda wa toka ukingo mmoja wa kloki hadi unaofuata. Tafuta T kwenye mstari wa kwanza, haipo. Setapu ni data kutulia kabla ya ukingo, na inahusu ukingo unaofuata, ndo maana ukirefusha T inapata nafasi, lakini holdi ni mbio za ukingo ule ule mmoja, data kwa njia yake na kloki kwa njia yake. Toka gigahezi 1 shuka mpaka megahezi 1, zile 90, 60 na 10 zinatokana na waya na transista, hazijui ukingo ujao utakuja lini, na 40 zako bado unadaiwa.

Ndo maana chipu ikikosea naishusha kloki kwanza: kosa likipotea nashuku setapu, likibaki vile vile nashuku holdi. Na holdi ikigundulika chipu ishatengenezwa ni msiba, ukicheza na volteji au joto pengine itapona lakini sio kitu cha kutegemea.

Dawa yake iko kwenye dizaini, usawazishe mti wa kloki au ucheleweshe data kwa bafa. Hapa bafa zenye jumla ya pikosekunde 40 zinatosha kwa kubana, mi ningeweka zaidi kidogo. Ila ziweke kwenye tawi linaloenda B peke yake, maana ukizibandika pale Q inapotokea A zitachelewesha na njia ndefu zinazoanzia hapo hapo, na hapo setapu ndo itaanza kulia.