Kuhakiki uelewa si kuuliza "Umeelewa?"

Juzi nimemsikia tena mwanafunzi wa udaktari akimpa mwenzake mbinu za oski: "Ukimaliza kueleza, muulize kama ameelewa. Alama ya kuhakiki uelewa umeshaichukua." Nilinyamaza, lakini ilinikaa rohoni.

Oski ni ule mtihani wa vitendo alioubuni Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Uskoti, miaka ya 1970: watahiniwa wanazunguka vituo, kengele ikilia wanahama. Kwenye kituo cha mawasiliano unamkuta mtu aliyefundishwa kuigiza mgonjwa. Una dakika chache za kufungua mazungumzo, kueleza, kuhakiki uelewa na kufunga.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Jambo likiwa wazi kwangu, nasema limenielea. Ukilifanya liwe wazi, umelieleza. Nami niliyewekewa wazi nimeelewa, na hiyo -wa ya mwisho ni ya kutendwa, kama ya kupigwa au kupewa. Kwa umbo lake, basi, kuelewa ni kitu anachofanyiwa msikilizaji, na mwenye kazi ni mwelezaji. "Umeelewa?" inamrudishia mgonjwa kazi hiyo. Nani atamjibu daktari "hapana"?

Niliwahi kuandaa kituo cha mama aliyegundulika ana kifua kikuu. Mtahiniwa alitakiwa kumweleza kuwa matibabu ni ya miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Mkojo utageuka rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, wala si damu. Macho yakiwa ya njano, arudi kituo cha afya haraka. Kwenye maelekezo ya mwigizaji niliandika: ukiulizwa umeelewa, tikisa kichwa useme "Ndiyo, daktari." Ukiombwa usimulie, sema utameza mpaka kikohozi kiishe.

Watahiniwa wengi waliondoka na ile "ndiyo". Mmoja alisema, "Mama, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, baba watoto akikuuliza dawa hizi unameza mpaka lini, utamjibuje?" Kosa likajitokeza palepale. Akarudi nyuma, akamweleza kwamba kikohozi kinaweza kwisha wiki za mwanzo huku vijidudu vikiwa bado vimo, kisha akamwomba asimulie tena. Hiyo mara ya pili ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo hujahakiki kitu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wako ubadilishe kidogo tu: mwenzako asiulize kama mgonjwa ameelewa, amwombe asimulie. Na asingoje mpaka amalize yote. Aeleze muda wa dawa, ahakiki, ndipo aingie kwenye mkojo na macho, maana kosa likijitokeza wakati kengele inalia, hana tena nafasi ya kulisahihisha.