Jina Limefutwa, Kijiji Bado Kinamjua

Tuchukue mfano wa kijiji chenye kaya 240. Watafiti wamefika kuuliza kuhusu mikopo ya vikundi, wamehoji kaya 120, na kwenye faili la majibu hawakuweka jina hata moja. Kila kaya ina namba tu. Sasa soma mstari mmoja wa faili hilo: mwanamke, mkuu wa kaya, miaka 63, elimu ya chuo, kitongoji cha juu, ana pikipiki. Kwa anayeusoma akiwa ofisini mjini, hizo ni takwimu. Kwa jirani, huyo ni mwalimu mstaafu na hakuna mwingine wa namna hiyo kijijini. Safu inayofuata inasema amechelewesha marejesho kwa miezi mitatu, na kwamba mwezi uliopita kuna siku kaya yake ililala njaa.

Katika kamati ya maadili ya utafiti ninamofanya kazi, maombi mengi huja na sentensi ile ile: "Majina hayatachukuliwa." Mwombaji anadhani suala la siri limekwisha hapo. Sheria haioni hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zote hutazama kama mtu anaweza kutambulika kupitia taarifa hiyo. Yule mwalimu anatambulika. Kwa hiyo anastahili ulinzi ule ule ambao angepata kama jina lake lingeandikwa juu ya dodoso.

Ulinzi huo huanza mlangoni kwake. Barua ya utambulisho kutoka halmashauri na ruhusa ya mtendaji wa kijiji ni kibali cha kuingia kijijini, si ridhaa ya mtu yeyote. Viwili hivi huchanganywa sana. Wadodosaji huongozana na mwenyekiti wa kitongoji ili wapokewe vizuri, kisha mwenyekiti anabaki ameketi hapo hapo wakati fomu ya ridhaa inasomwa. Mama wa watu atakataaje mbele ya kiongozi wake? Atasema ndiyo, na ndiyo hiyo ni ya heshima. Mwenyekiti atambulishe wageni, ashukuriwe, aondoke kabla ya swali la kwanza. Kama mhojiwa hajui kusoma na anaweka dole gumba, shahidi awe mtu aliyemchagua mwenyewe.

Zaidi ya hapo kuna hofu ambayo fomu nyingi hazigusi. Watu wengi vijijini wanaamini kila mwenye kishikwambi anaandikisha majina ya TASAF au ya msaada mwingine, na kwamba atakayekataa atarukwa. Kusoma fomu kwa sauti nzuri hakuondoi imani hiyo. Mdodosaji amuulize mhojiwa: "Hebu nieleze kwa maneno yako, ukikataa kujibu kutatokea nini?" Akijibu "nitafutwa kwenye orodha," hajaridhia bado, hata kama ameshatia sahihi. Aelezwe upya, aulizwe tena.

Msimamizi naye ana njia ya kujua kama ridhaa ilikuwa ya kweli. Kaya 120 zikikubali zote, na hakuna aliyeruka swali lolote la madeni wala la njaa, mimi husimama hapo na kuuliza maswali. Fomu ya kurasa mbili ikionekana kusomwa kwa sekunde arobaini kwa mujibu wa saa ya kishikwambi, basi haikusomwa.

Baada ya mahojiano, taarifa zinahitaji pa kukaa. Utaratibu ulio salama ni wa mafaili mawili: moja lina majibu na namba za kaya, jingine lina namba, jina na simu. Mafaili hayo hayakai kwenye kompyuta moja, wala hayashikwi na mtu mmoja. Ila angalia namba zenyewe zinatolewaje. Mdodosaji akianza mwanzo wa barabara na kuandika 001, 002, 003 kadiri anavyotembea, yeyote anayejua njia hiyo ataifungua siri bila kuligusa faili la majina. Namba zichanganywe kabla ya kwenda uwandani.

Mahali pa kijiografia ni jina jingine lisiloandikwa. Swali la aina ya `geopoint` kwenye ODK au KoboToolbox, programu za kukusanya majibu kwa kishikwambi, hunasa nyumba yenyewe kwa tofauti ya mita chache. Kama utafiti unahitaji kujua kitongoji tu, swali hilo liondolewe. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu za mpango wa DHS, kabla ya kutoa taarifa zake, husogeza alama za maeneo kwa makusudi, hadi kilomita 2 mijini na hadi 5 vijijini, na sehemu ndogo ya maeneo ya vijijini hadi 10.

Programu hizo pia zinaweza kufunga majibu yasisomeke bila ufunguo wa siri, ukijaza ufunguo wa kufungia kwenye `public_key` katika mipangilio ya fomu. Fomu ikishakamilishwa, hata mdodosaji hawezi kuisoma tena kwenye kifaa chake. Ufunguo wa kufungulia ukipotea majibu yamepotea nao, kwa hiyo nakala yake itunzwe mahali pengine salama. Lakini kufunga huko hakusaidii kitu kama wadodosaji wanapiga picha madodoso ya karatasi na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp ili msimamizi ahakiki. Picha hizo hubaki kwenye simu za watu wengi, na nyingine hujihifadhi zenyewe mtandaoni. Nimeona hilo likifanywa na timu yenye kibali safi kabisa cha maadili, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Faili la majina liwe na tarehe ya kufutwa, na mhojiwa aambiwe tarehe hiyo siku ya ridhaa. Ana haki ya kujitoa, lakini faili likishafutwa hakuna atakayeweza kujua majibu yake ni yapi ili yaondolewe. Asipoambiwa, ameahidiwa haki isiyotekelezeka.

Kisha matokeo yarudi kijijini, na hapa ndipo nia njema huumiza. Tuseme watafiti wanaandaa bango la mkutano wa kijiji kuonyesha kaya zilizochelewesha marejesho katika vitongoji vinne: 9, 12, 7 na 2. Wanajua kwamba 2 ni ndogo mno, kwa hiyo wanaweka nyota mahali pake. Chini wanaandika jumla: 30. Mzee aliyekaa mstari wa mbele anajumlisha 9, 12 na 7, anapata 28, na nyota imekwisha kazi. Dawa ni kuunganisha vitongoji viwili vya mwisho na kuandika 9, 12 na 9.

Kuna mtego mwingine unaowapita hata wataalamu. Kitongoji kikiwa na kaya 26, zote zikahojiwa na zote zikasema zinadaiwa, idadi ni kubwa lakini siri ya kila mmoja imetoka. Hapo itangazwe hesabu ya kijiji kizima tu.

Ofisi ya kijiji au mfadhili wakiomba majina "ili tuwasaidie hawa wenye shida," jibu ni hapana, kwa sababu mwalimu wetu aliridhia utafiti, hakuridhia kuorodheshwa. Kama msaada ulitarajiwa tangu mwanzo, swali lake lilipaswa kuulizwa peke yake siku ile: "Je, unakubali tumpe jina lako mtu mwingine ili akufikie?" Kama halikuulizwa, watafiti watangaze mkutanoni msaada unapatikana wapi, na anayeutaka ataufuata mwenyewe.