Kiraka kimeshuka, tundu bado liko wazi

Mteja mmoja aliniita nimkagulie seva zake za wingu. "Hizo zinajisasisha zenyewe," akaniambia, "wewe angalia mengine." Kwenye logi kweli `unattended-upgrades`, programu ya Ubuntu ya kusasisha mfumo bila mtu, ilikuwa ikifanya kazi kila siku. Nikaandika amri mbili:

```
uptime
cat /var/run/reboot-required.pkgs
```

Ya kwanza ilisema seva haijazimwa kwa siku 412. Ya pili ikanitajia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, zilizopangana foleni, zinasubiri tu mtu aiwashe mashine upya.

Sasisho la kerneli hubadilisha faili za diskini, lakini kinachoendesha mashine ni kile kilichopakiwa kwenye memori siku ilipowashwa. Basi viraka vya kerneli vya mwaka mzima vilikuwa vimeshushwa na havilindi chochote. Na hilo si hitilafu: Ubuntu haijiwashi upya mpaka uiambie.

Kuchelewa huku kunauma kwa sababu kiraka kikitangazwa, tundu nalo limetangazwa. Mdukuzi hulinganisha msimbo wa zamani na mpya, anaona kilichorekebishwa, kisha anaachia programu izunguke intaneti nzima ikitafuta waliolala. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo ya watu, iliingiliwa hivyo. Kiraka cha Apache Struts kilitoka Machi 7, 2017, agizo la kukiweka likatumwa ndani ya kampuni, lakini mfumo mmoja ukasahaulika. Katikati ya Mei wezi wakaingia, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaondoka.

Kwa yule mteja nilihariri `/etc/apt/apt.conf.d/50unattended-upgrades`:

```
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot "true";
Unattended-Upgrade::Automatic-Reboot-Time "00:00";
```

Hapo kwenye saa ndipo wengi huteleza. Seva nyingi za wingu hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo ukiandika "03:00" ukidhani ni usiku wa manane, itazima saa 12 asubuhi ya Dar, watu wakiwa wameshaamka wanafanya malipo. "00:00" ndiyo saa 9 usiku ya kwetu. Tena seva zake zilikuwa tatu nyuma ya kigawa mzigo kimoja, nikazipishanisha nusu saa nusu saa, zisije zikalala zote kwa pamoja. Kesho yake nikaandika `uname -r` kwenye kila moja kuhakikisha kerneli inayotembea ni ile mpya. Logi peke yake siiamini tena.

Hata hivyo, mpangilio huu usingeiokoa Equifax. Struts ni maktaba ya Java, husafiri imefungwa ndani ya programu yenyewe, na `apt`, kisakinishi cha Ubuntu, husasisha vifurushi ilivyovisakinisha yenyewe tu. Kontena, yale maboksi yanayobeba programu pamoja na maktaba zake, nazo ni vivyo hivyo: mashine inayozibeba inaweza kuwa na viraka vyote huku ndani ya kontena mna OpenSSL ya miaka miwili iliyopita, na itabaki humo mpaka mtu aijenge upya ile imeji.